Umegongwa kichwa: lini utulie nyumbani, lini ukimbilie kipimo, na lini urudi uwanjani au kwenye pikipiki

Wengi wetu huku Mbulu na Hanang tumekua tukisikia habari za mzee wetu John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki kule Meksiko, alianguka njiani akaumia vibaya goti na bega. Walianza wakimbiaji 75 na waliofika mwisho walikuwa 57. Yeye alikuwa wa 57, akiingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, huku mguu wake ukiwa umefungwa bandeji.

Habari hiyo imetulea. Mtoto akianguka tunamwambia inuka, jikaze. Kwa goti na bega, mara nyingi ushauri huo haudhuru sana. Lakini kila msimu wa michezo ya shule, na kila Jumapili ya ligi za vijiji, tunaona ushauri huo huo ukitumika kwa mtu aliyegongwa kichwani: anamwagiwa maji, anapigwapigwa mashavuni, anarudishwa uwanjani. Hapo ndipo kuna hatari. Goti likiumia zaidi utachechemea. Ubongo ukiumia zaidi unaweza usiamke.

Makala hii inafuata vijana wawili. Si watu fulani tunaowajua, tumewaunda kwa mfano, ila kila kinachowapata ni kitu ambacho wahudumu wa afya hukutana nacho. Wote wawili waliumia Jumapili moja. Wote wawili walisimama wenyewe. Mmoja alipaswa kulala nyumbani, mwingine alipaswa kukimbizwa hospitali usiku ule ule.

Wa kwanza: mchezaji wa Dongobesh

Kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tatu, anaruka kupiga mpira kwa kichwa na kugongana na beki. Hakuzimia. Alikaa chini kidogo, akasimama, lakini alionekana kama mtu aliyetoka usingizini. Mwalimu wake wa michezo alimtoa nje akamuuliza maswali matano: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga goli la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Kijana alijibu mawili vizuri. Mechi iliyopita hakuikumbuka. Alisema kichwa kinamuuma na mwanga unamchoma macho.

Hiyo ndiyo hali inayoitwa mtikisiko wa ubongo. Ubongo ni laini, na umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji. Kichwa kikisimamishwa ghafla, au kikizungushwa ghafla, ubongo unatikisika na nyuzi zake zinavutika. Hazikukatika wala hakuna damu iliyomwagika, ila kwa siku kadhaa chembe za ubongo zinafanya kazi kwa shida. Ndiyo maana mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, anasahau, anakasirika upesi, analala sana au hapati usingizi.

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyakosea hapa. La kwanza ni kufikiri kwamba asiyezimia hajaumia ubongo. Ukweli ni kwamba katika michezo, kati ya watu kumi wenye mtikisiko, kwa kawaida asiyefika hata mmoja ndiye anayezimia. La pili ni kufikiri kwamba kipimo cha CT kitauonyesha. Mashine hiyo inaonyesha mfupa uliovunjika na damu iliyovuja. Mtikisiko haionyeshi. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa, akaambiwa picha ni safi, na bado ubongo wake ukawa umetikisika. Picha safi maana yake ni kwamba hakuna damu inayoonekana. Haina maana ya ruhusa ya kurudi uwanjani kesho.

Mwalimu alifanya sawa. Hakumrudisha mchezoni, hata alipodai yuko sawa. Shirika linalotunga sheria za soka duniani, IFAB, limeziruhusu ligi tangu Julai 2024 kumbadilisha mchezaji anayedhaniwa kutikisika ubongo bila kuhesabu badiliko hilo pamoja na mengine, na aliyetoka harudi tena. Waamuzi wa ligi zetu za vijiji wanaweza kukubaliana hivyo hivyo kabla ya filimbi, ili timu isione hasara kumtoa mtu wake.

Wa pili: dereva wa bodaboda wa Basotu

Saa moja usiku, jioni ile ile, kijana wa miaka 26 anatoka Basotu kuelekea Katesh. Pikipiki inateleza kwenye changarawe, anarushwa, na upande wa kichwa chake unagonga jiwe. Kofia ngumu alikuwa ameining'iniza kwenye mpini. Watu waliofika walimkuta hajitambui. Baada ya dakika mbili akafumbua macho. Akasimama, akasema yuko salama, akaomba simu yake. Watu wakacheka kwa kufurahi, wakampeleka nyumbani kwa pikipiki nyingine.

Saa mbili na nusu usiku alikunywa chai na kuongea. Saa tatu akalalamika kichwa kinapasuka, akatapika. Saa tatu na nusu akatapika tena. Saa nne alikuwa amelala, na mama yake alipomwita alijibu kwa maneno yasiyoeleweka. Mtu mmoja akasema ni pombe. Mwingine akasema ni malaria imempanda kwa mshtuko. Wakaamua alale, wataona asubuhi.

Uamuzi huo ungeweza kumuua. Kwenye panja, yaani pembeni mwa kichwa kati ya jicho na sikio, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na chini yake unapita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa unaweza kuchanika na damu ikaanza kujikusanya kati ya fuvu na ubongo. Mwanzoni damu ni kidogo, na mtu anaamka, anaongea, hata anatembea. Kadiri damu inavyoongezeka, fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo ndio unaobanwa. Kipindi kile cha kuongea na kunywa chai ndicho kinachowadanganya watu. Anayeamka vizuri kisha akaanza kudidimia ni mgonjwa wa haraka kuliko wote. Akifika kwa upasuaji mapema damu hutolewa na wengi hupona vizuri. Akicheleweshwa, haponi kama alivyokuwa.

Dalili zinazodai kipimo cha CT

Mwaka 2001 daktari Ian Stiell na wenzake wa Kanada walichapisha kanuni ya kuwasaidia madaktari kuamua nani apimwe. Walifuatilia zaidi ya wagonjwa 3,000 katika hospitali kumi. Kanuni hiyo inatumika sehemu nyingi duniani kwa watu wa miaka 16 na kuendelea ambao walizimia, walisahau kilichotokea au walichanganyikiwa. Tunaieleza kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu huku kwetu anayeamua kwanza si daktari. Ni mama, ni kondakta, ni mwenyekiti wa kitongoji.

Mtu apelekwe hospitali yenye kipimo upesi ikiwa saa mbili baada ya kuumia bado hajarudi kuwa na akili zake kamili, yaani hafumbui macho mwenyewe, hajui yuko wapi au anajibu ovyo. Vivyo hivyo ikiwa ametapika mara mbili au zaidi, ikiwa fuvu linaonekana kubonyea, au ikiwa ana umri wa miaka 65 na zaidi. Ishara nyingine ni zile za kupasuka kwa mfupa wa chini ya fuvu: maji maji meupe au damu kutoka sikioni au puani, weusi kuzunguka macho yote mawili ambayo hayakupigwa, au wekundu na weusi nyuma ya sikio.

Kwa kanuni hiyo hiyo, apimwe pia ambaye hakumbuki mambo ya zaidi ya nusu saa kabla ya kuumia, au ambaye ajali yenyewe ilikuwa ya nguvu: kugongwa na gari akitembea, kurushwa kutoka kwenye chombo, au kuanguka kutoka juu ya mita moja, mfano juu ya mti, paa au shehena ya mahindi.

Kanuni ile haikuwahusu watu waliopata degedege baada ya kuumia, wala wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kuwa hao wako kwenye hatari kubwa na wanapimwa bila kujadili. Ongeza mtu ambaye mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, au kichwa kinazidi kuuma kila saa inayopita.

Dereva wetu wa Basotu alirushwa, alizimia, alitapika mara mbili na alianza kuchanganyikiwa. Hapo hakuna cha kusubiri asubuhi.

Kwa watoto wadogo mambo ni tofauti kidogo, kwani mtoto wa chini ya miaka miwili hawezi kukueleza. Kwake angalia uvimbe laini kichwani usio wa kwenye paji la uso, kuzimia hata kwa sekunde chache, kuanguka kutoka karibu mita moja au zaidi, au mama kuona tu kwamba mtoto huyu si yule ninayemjua. Neno hilo la mama madaktari wanalihesabu kuwa dalili. Lisemeni bila aibu.

Safari ya kufika kwenye mashine

Zahanati na vituo vya afya vyetu havina mashine ya CT. Serikali ilinunua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa kwa fedha za mkopo wa kupambana na Uviko-19 wa mwaka 2021/22, na huku kwetu wagonjwa wengi wa ajali hupelekwa Babati au Haydom. Lakini mashine huharibika, umeme hukatika, na mtaalamu anaweza kuwa amesafiri. Kwa hiyo kabla hamjakodi gari, mwombeni mhudumu wa zahanati apige simu aulize jambo moja: leo kipimo kinafanyika? Simu hiyo ya dakika tatu inaweza kuokoa saa nne za barabara.

Msikubali eksirei ya kichwa iwe mbadala. Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi damu iliyo ndani.

Njiani, mgonjwa asiyejitambua alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Kama shingo inauma au ameanguka vibaya, kichwa na shingo vishikwe visicheze, na ageuzwe mwili mzima kwa pamoja. Asipakiwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa maana anaweza kuhitaji upasuaji. Ajali ikihitaji fomu ya polisi ya PF3, ndugu mmoja aende kituoni kuifuata huku mgonjwa akiendelea na safari.

Mkifika, mwambieni daktari saa aliyoumia, kama alizimia na kwa muda gani, ametapika mara ngapi, na alikuwaje mwanzoni. Kama hamkusema ameanguka, mtu anayeumwa kichwa na kutapika anaweza kuandikiwa dawa ya malaria. Na kama alikuwa amekunywa pombe, semeni pia, ila msikubali pombe iwe maelezo ya kila kitu. Mlevi anazidi kuchangamka kadiri saa zinavyokwenda. Mwenye damu kichwani anazidi kudidimia.

Usiku wa kwanza nyumbani

Turudi kwa mchezaji wa Dongobesh. Alipelekwa kituo cha afya, akapimwa, hakuwa na dalili hata moja ya zile za hatari. Aliruhusiwa kwenda nyumbani kwa sharti moja: asiwe peke yake kwa saa 24 za kwanza.

Watu husema aliyegongwa kichwa asilale. Kulala hakuui, na ubongo unahitaji usingizi. Kinachotakiwa ni mtu wa kumwangalia. Ikiwa mgonjwa hajaonwa na mhudumu, au mna wasiwasi, mwamsheni kila baada ya saa mbili au tatu usiku wa kwanza. Aamke kabisa, aseme jina lake na mahali alipo, asogeze mikono na miguu yote. Asipoamka vizuri, safari ianze usiku huo.

Kwa maumivu apewe paracetamoli. Kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Kwa siku mbili za kwanza aepuke aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zinapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya dawa, kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Asinywe pombe wala dawa za usingizi, maana zitaficha dalili mnazozitafuta.

Na simu iwekwe kando. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021, vijana wenye mtikisiko wa ubongo walioacha kutazama vioo vya simu na televisheni kwa saa 48 walipona katika siku tatu na nusu hivi, na walioendelea kutazama walichukua siku nane.

Kwa wazee wetu tunaongeza onyo moja. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, damu inaweza kuvuja polepole sana, na dalili zikaonekana wiki mbili au tatu baadaye: anaanza kusahau, anayumba, analala mchana kutwa. Familia husema ni uzee. Kumbukeni kama aliwahi kuanguka mwezi ule, mkamwambie daktari.

Kurudi polepole

Zamani mgonjwa alifungiwa chumba cha giza mpaka dalili ziishe. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba hiyo inachelewesha kupona. Mapumziko ya kweli ni siku moja hadi mbili. Baada ya hapo mtu anaanza kusogea taratibu, hatua kwa hatua, akikaa angalau siku nzima kwenye kila hatua.

Kijana wetu alitulia Jumatatu na Jumanne, akifanya vitu vidogo tu vya nyumbani. Jumatano alitembea taratibu robo saa. Alhamisi alikwenda shule nusu siku, walimu wakakubali apumzike kati ya vipindi na asifanye mtihani. Ijumaa alijaribu kukimbia kidogo, kichwa kikaanza kuuma sana. Hapo kanuni ni rahisi. Mpe maumivu alama kutoka sifuri hadi kumi. Yakipanda alama moja au mbili na kutulia ndani ya saa moja, endelea. Yakipanda zaidi ya hapo, simama, na kesho anza tena kwa wepesi zaidi. Jumamosi alirudi kwenye kutembea, na Jumapili, siku ya saba, dalili zote zilikuwa zimeisha.

Hapo ndipo wengi huharibu. Dalili zimeisha, basi anacheza. Lakini ubongo unachelewa kupona kuliko mtu anavyojisikia. Akigongwa tena kabla haujapona, atachukua muda mrefu zaidi kupona. Mara chache, hasa kwa vijana, ubongo unavimba ghafla na kuua ndani ya dakika chache. Uingereza, kwa michezo isiyo na daktari wa timu, waliweka kanuni mwaka 2023 ambayo tunaona inafaa huku kwetu: hakuna mechi kabla ya siku ya 21 tangu kuumia, na kabla ya kurudi kwenye mazoezi ya kugusana mtu awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Kijana aliyeumia Jumapili, dalili zikaisha Jumapili iliyofuata, anahesabu wiki mbili nyingine. Katikati anakimbia, kisha anapiga mpira peke yake, kisha anafanya mazoezi na wenzake bila kugusana. Kabla ya mazoezi ya kugusana, mhudumu wa afya amwangalie.

Kwa asiye mchezaji, hatua ni hizo hizo kwa kazi zetu. Kutembea hadi kwa jirani, kisha kuchota maji kwa ndoo ndogo, kisha palizi nyepesi asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha siku nzima ya kazi. Kupanda darini, kuendesha trekta na kubeba magunia kuje mwisho. Dereva wa bodaboda asiendeshe kwa angalau saa 24, na asirudi barabarani mpaka kizunguzungu, ukungu wa macho na uzito wa kufikiri viwe vimeisha kabisa. Tunajua pikipiki ndiyo chakula cha nyumbani, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya siku. Lakini anayechelewa nusu sekunde kushika breki anabeba abiria nyuma yake.

Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili, na watoto na vijana ndani ya wiki nne. Muda huo ukipita na kichwa bado kinauma, usingizi hauji, au mwanafunzi hawezi kusoma ukurasa mmoja, rudini kwa daktari.

Na kofia ngumu? Inazuia fuvu kupasuka, na kwa dereva wa Basotu ingeweza kuwa tofauti kati ya maumivu ya kichwa na chumba cha upasuaji. Ila haizuii ubongo kutikisika ndani. Aliyevaa kofia akaanguka, naye aulizwe maswali yale matano.